Injini Zilirudi Dukani, Nyavu Zikabaki kwa Mnunuzi: Uchambuzi wa Kisa cha Tapeli Aliyenunua kwa Mkopo kwa Majina ya Watu

Kisa hiki kilitokea Mwanza na katika mialo ya jirani. Majina, tarehe na maeneo kamili yameondolewa, na viasi vya fedha vimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Nilikuwa upande wa mnunuzi katika hatua ya usuluhishi, na msomaji atanisoma akilijua hilo. Nimekichagua kwa sababu tapeli alikuwa mmoja, duka moja na mnunuzi wa mwisho mmoja, lakini sheria ilitoa majibu mawili tofauti kwa mizigo miwili.

## Usuli

Muuzaji ni mwenye duka la jumla la zana za uvuvi katikati ya jiji. Anauza injini za boti, nyavu za dagaa, kamba na maboya, na kwa wateja wakubwa hukopesha kwa siku 30. Mteja wa mkopo hujaza fomu, huambatisha nakala ya cheti cha namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, kisha hupewa ankara na hati ya makabidhiano. Hakuna sharti lililokuwa limeandikwa kwamba mtu wa dukani ampigie mteja simu kwa namba iliyopatikana nje ya fomu yenyewe.

Upande wa pili kuna kampuni ya wafanyabiashara wa dagaa yenye makao Ukerewe, ambayo sokoni inajulikana kuwa hulipa madeni yake. Kampuni hiyo haikuwahi kununua kwa muuzaji huyu. Jina lake ndilo lililotumika.

Mnunuzi wa mwisho ni mama mwenye mitumbwi minne katika mwalo mmoja wa wilaya ya Magu. Ana wavuvi wake, ana msimamizi wake, na hununua zana mpya au zilizotumika kadiri anavyozipata.

## Mambo yalivyotokea

Siku ya 1 duka lilipokea kwa simu ujumbe wenye picha ya hati ya oda ya injini nne za nguvu ya farasi 15, kwa bei ya shilingi 5,500,000 kila moja. Hati ilikuwa na kichwa cha kampuni ya Ukerewe, mhuri wake na namba yake ya mlipakodi. Baadaye iligundulika kuwa kichwa na mhuri vilighushiwa kutoka kwenye ankara ya zamani, na namba ya mlipakodi ilisomwa kwenye risiti ambayo mtu yeyote aliyewahi kununua dagaa kwa kampuni hiyo angekuwa nayo. Fomu ya mkopo ilirudishwa imejazwa kwa jina la kampuni. Namba ya simu iliyoandikwa humo ilikuwa ya tapeli.

Mwenye duka hakukurupuka. Aliwauliza wafanyabiashara wawili wa Kirumba kama kampuni hiyo inalipa, akaambiwa inalipa vizuri. Kwa hiyo alichunguza sifa ya kampuni na akapata jibu la kweli. Ambacho hakukichunguza ni kama aliyekuwa akimwandikia ujumbe alitumwa na kampuni hiyo. Siku ya 3 injini zilipelekwa gatini, zikapokelewa na kijana aliyejitambulisha kuwa mtunza stoo wa kampuni. Kijana alisaini hati ya makabidhiano. Ankara, kama hati nyingine zote, iliandikwa kwa jina la kampuni.

Siku ya 14 mwanamume wa makamo aliingia dukani. Alijitaja kwa jina la mmiliki wa mitumbwi anayefahamika upande wa Buchosa, akatoa nakala ya kadi ya mpiga kura ambayo picha yake ilikuwa imefifia, akasema ananunua kwa ajili ya kazi yake mwenyewe. Mwenye duka alimkaribisha ofisini, wakazungumza kwa muda mrefu kuhusu bei ya dagaa na ubora wa nyuzi. Mgeni alikuwa anaijua kazi. Alichukua nyavu za dagaa na kamba zake, thamani yake shilingi 9,600,000. Alilipa 2,000,000 taslimu, na kwa 7,600,000 zilizobaki aliacha hundi yenye tarehe ya mbele ya siku 30.

Siku ya 19 mtu huyohuyo alifika Magu na kujitambulisha kwa jina lilelile la mmiliki wa Buchosa. Alisema anaacha uvuvi kwa sababu ya madeni na anauza zana kabla hajazitumia. Mama alinunua injini mbili kwa 4,200,000 kila moja na nyavu zote na kamba kwa 8,000,000, jumla 16,400,000. Sehemu ya fedha alilipa kwa simu, nyingine taslimu. Karatasi ya mauziano iliandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, na msimamizi wa mama akampiga picha tapeli akiwa anasaini. Picha hiyo ilikuja kuwa na uzito kuliko karatasi yenyewe.

Siku ya 36, deni la injini likiwa limepita muda, mwenye duka alitafuta namba ya kampuni kwa njia yake na kupiga. Kampuni ilimjibu kuwa haijawahi kuagiza kitu kwake. Kesho yake alitoa taarifa polisi kuhusu injini tu, kwa kuwa hakujua kuwa nyavu nazo zilikuwa kazi ya mtu huyohuyo. Siku ya 46 benki iliirudisha hundi kwa sababu akaunti ilikuwa imefungwa, na siku ya 47 akarudi polisi na malalamiko ya pili.

Kilichofungua njia ni namba za utambulisho zilizopigwa kwenye injini. Mwenye duka alizisambaza kwa mafundi wa injini za boti wa mialo kadhaa. Wiki mbili baadaye injini moja ya mama ilipelekwa kwa fundi kubadilishwa plagi, fundi akaisoma namba, akapiga simu. Polisi walifika mwaloni wakachukua injini mbili na nyavu zote kama vielelezo. Karani wa duka alipooneshwa ile picha ya kwenye simu, alimtambua mtu wa siku ya 14. Baadaye, namba iliyopokea malipo ya mama ilionekana kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu ya mkopo ya injini. Injini mbili nyingine hazikupatikana. Kijana wa gatini alikamatwa, tapeli mwenyewe hakupatikana.

## Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa duka ulikuwa kudai vyote. Wakili wake aliandika kwamba mali yote ilitoka kwa ulaghai, kwa hiyo yote ni ya duka, na akaomba polisi wakabidhi vielelezo mara moja. Ni dai linaloeleweka, na pale mwaloni karibu kila mtu aliona hivyo, hata baadhi ya ndugu wa mama. Lakini linachanganya mambo mawili: kwamba tapeli alitenda jinai, na kwamba umiliki haukumfikia. La kwanza halithibitishi la pili. Mtu anaweza kuwa mhalifu kwa kupata mali kwa udanganyifu chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, na wakati huohuo akawa amepata umiliki wa mali hiyo kwa muda, hadi aliyedanganywa atakapoutangua mkataba.

Upande wetu tuliamua kutogombania vitu vyote kwa nguvu sawa. Tuliomba kwanza vielelezo visikabidhiwe kwa yeyote hadi swali la umiliki liamuliwe, kwa sababu mali ikishakabidhiwa kwa mlalamikaji na kuuzwa tena, mwenye haki hubaki na shauri la fidia tu. Gharama ya uamuzi huo ilikuwa kubwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na nyavu zilikaa stoo ya polisi vipindi viwili vya giza, huku wavuvi wa mama wakihamia kwa matajiri wengine.

Duka lilifungua shauri la madai, na shauri likapelekwa kwenye usuluhishi. Huko tuliigawa hoja: injini peke yake, nyavu peke yake.

## Matokeo

Pande zilisaini hati ya suluhu iliyosajiliwa mahakamani kama hukumu ya makubaliano. Injini mbili zilirudi kwa muuzaji. Nyavu na kamba zilibaki kwa mama bila malipo yoyote kwa duka. Duka lilimrudishia mama gharama za matengenezo ya injini, na likakubali kumuuzia tena mojawapo kwa 4,300,000 kwa awamu tano, kwa sababu ilikuwa imeshatumika na mama aliihitaji. Kila upande ulibeba gharama zake za uwakili.

Kwa hesabu, duka lilipoteza injini mbili zenye thamani ya 11,000,000 na salio la 7,600,000 la nyavu. Mama alipoteza 8,400,000 alizolipia injini. Kisheria ana haki ya kuzidai kwa tapeli, kwa kuwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamhesabu kila anayeuza kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza. Thamani ya haki hiyo ni sawa na uwezekano wa kumpata mtu huyo.

## Uchambuzi: kwa nini injini zilirudi

Kanuni ya kuanzia ni kwamba mtu hawezi kumpa mwingine umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Kwa hiyo swali ni kama tapeli alipata umiliki wa injini hata kwa muda mfupi. Angeupata iwapo tu kulikuwa na mkataba kati yake na duka.

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema watu wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lilelile kwa maana ileile. Duka liliridhia kuiuzia kampuni ya Ukerewe. Kampuni haikuwa na habari. Tapeli alijua fika kwamba pendekezo halikuwa lake. Kwa hiyo hakukuwa na watu wawili walioridhiana, na kilichoitwa mkataba kilikuwa batili tangu mwanzo.

Mfano unaofahamika zaidi ni uamuzi wa Bunge la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu ya nchi hiyo wakati huo, wa mwaka 1878 katika Cundy dhidi ya Lindsay. Tapeli aitwaye Blenkarn aliandika barua za kuagiza leso akisaini ili jina lisomeke kama Blenkiron & Co, kampuni halisi iliyokuwa na sifa nzuri katika mtaa huohuo. Wauzaji walimpelekea mzigo kwa mkopo, naye akauuza kwa Cundy, aliyenunua kwa nia njema. Iliamuliwa kuwa wauzaji walikusudia kuiuzia Blenkiron na si mwingine, kwa hiyo Blenkarn hakupata kitu cha kumpa Cundy. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini yana nguvu ya kushawishi katika eneo hili, kwa kuwa Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa inatokana na ile ya Uingereza ya 1893. Sheria ya Mikataba nayo ilitokana na ile ya India ya 1872.

Tulikuwa na hoja mbili za kujaribu. Ya kwanza ni kwamba duka lilijali uwezo wa kulipa tu, si utambulisho. Hoja hiyo ilifaulu mwaka 1897 katika shauri la King's Norton, ambako tapeli aliagiza kwa jina la kampuni aliyoibuni kichwani, Hallam & Co. Mahakama iliona kuwa kwa vile kampuni haikuwapo, muuzaji alikuwa amepatana na huyohuyo aliyeandika barua, kwa jina lolote alilojipa. Kwetu kampuni ilikuwapo, na mwenye duka alikuwa amewauliza watu habari zake. Uulizaji ule, ambao haukumsaidia kumtambua tapeli, ndio uliothibitisha kwamba alikusudia kuiuzia kampuni.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba injini zilikabidhiwa gatini ana kwa ana, kwa kijana aliyeonekana. Nayo haikufika mbali. Kijana hakudai kununua, alidai kupokea kwa niaba ya kampuni. Tangu Hardman dhidi ya Booth ya 1863 inajulikana kwamba anayejidai wakala wa kampuni asiyotumwa nayo hawi yeye mwenyewe mnunuzi, hata kama alionana na muuzaji uso kwa uso.

Tulifikiria pia uzembe wa duka. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Mikataba kina sharti linalomnyima mtu nafasi ya kutangua mkataba ikiwa angeweza kugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Sharti hilo, hata hivyo, linahusu maelezo yasiyo sahihi na ulaghai wa kunyamaza. Halimfuniki aliyeghushi mhuri. Zaidi ya hapo, injini zilikuwa chini ya mkataba batili, na mkataba batili hauna cha kutanguliwa. Wala duka halikumpa tapeli karatasi yoyote iliyomwonesha kuwa mmiliki. Ankara yake ilikuwa na jina la kampuni, ndiyo maana hakuthubutu kumwonesha mama.

Mama alishikilia kwa muda mrefu kwamba aliuziwa hadharani mbele ya mwenyekiti wa BMU. Mashahidi wanathibitisha kuwa mauziano yalifanyika na bei ilikuwa ngapi. Hawawezi kumwongezea tapeli haki ambayo hakuwa nayo.

## Uchambuzi: kwa nini nyavu zilibaki

Siku ya 14 mambo yalikuwa tofauti. Mtu alikuja mwenyewe, akanunua kwa ajili yake mwenyewe, na mwenye duka akamuuzia huyo aliyekaa mbele yake. Alidanganywa kuhusu jina na uwezo wa mtu huyo, lakini hakukuwa na mtu mwingine ambaye mwenye duka alikusudia kumkabidhi mzigo. Hapa mahakama huanza na dhana kwamba muuzaji alikusudia kupatana na anayemwona. Ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 1919 katika Phillips dhidi ya Brooks, kuhusu mtu aliyenunua pete kwa kujiita Sir George Bullough, na ndivyo Lord Denning alivyoamua katika Lewis dhidi ya Averay mwaka 1971, ambako mnunuzi wa gari alijifanya mwigizaji maarufu na kuacha hundi isiyolipika.

Mkataba wa namna hiyo si batili. Ni mkataba uliopatikana kwa ulaghai, ambao kwa kifungu cha 19 aliyedanganywa anaweza kuutangua akitaka. Kabla hajautangua, tapeli ana umiliki, ingawa ni wenye kasoro. Akiuza katika kipindi hicho kwa mtu mwenye nia njema asiyejua kasoro hiyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamlinda mnunuzi huyo.

Kwa hiyo kila kitu kiligeukia wakati. Mwenye duka alisema taarifa yake ya siku ya 37 ilitosha kutangua. Kwa kweli ingeweza kutosha: Mahakama ya Rufani ya Uingereza katika shauri la Caldwell, mwaka 1964, iliamua kwamba tapeli akijificha, mmiliki anaweza kutangua kwa kutoa taarifa polisi bila kumpata mwenyewe. Lakini taarifa ile ilihusu injini tu, na hata kama ingehusu nyavu, mama alikuwa ameshanunua siku ya 19. Ujumbe wa malipo kwenye simu yake ulionesha tarehe na saa. Bila ujumbe huo tungebaki na karatasi ya mkono, ambayo wakili wa duka alikuwa ameanza kudai kuwa iliandikwa baadaye.

Lililobaki lilikuwa nia njema. Nyavu zilinunuliwa kwa pungufu la karibu asilimia 17 ya bei ya dukani, kutoka kwa mtu mwenye maelezo yanayofanana na ya wengi wanaoacha uvuvi. Pungufu hilo halikuwa la kumshtua mvuvi. Kwa injini pungufu lilikuwa karibu asilimia 24, zikiwa mpya, bila ankara wala kadi ya dhamana. Suala la injini lingefika kwenye nia njema, tungekuwa na kazi ngumu zaidi. Kwa nyavu, mzigo wa kuthibitisha kuwa mnunuzi hakuwa na nia njema ulikuwa juu ya duka, nalo halikuwa na ushahidi.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Namba za injini na mtandao wa mafundi vilifanya kazi haraka kuliko jalada la polisi. Nyavu hazina namba, na bila picha ya tapeli duka lisingeweza hata kuthibitisha kuwa ni zake. Kuigawa hoja nako kulisaidia: tulipokubali mapema kwamba injini zingerudi, duka liliacha kutushuku kuhusu nyavu. Msuluhishi alipendekeza nyavu zigawanywe nusu kwa nusu, tukakataa, kwa sababu pale sheria ilikuwa wazi upande wetu.

Udhaifu wa duka haukuwa wa kuamini watu. Fomu yake ilithibitisha kwamba kampuni ipo na inalipa, lakini haikuthibitisha kwamba mtumaji ametoka huko. Simu moja ya siku ya 36, iliyopigwa kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, ingetosha siku ya 1. Kwa hundi, kosa lilikuwa kumkabidhi mgeni mzigo wote kwa hundi ya mbele. Duka lingeweza kuandika kwamba umiliki unabaki kwake hadi hundi ilipwe, ingawa hata sharti hilo lina mipaka dhidi ya mnunuzi wa mwisho, maana Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ina kifungu kinachomlinda pia anayenunua kwa nia njema kutoka kwa mtu aliyekwisha kukabidhiwa mali baada ya kukubali kuinunua.

Kwa mtazamo wangu, kuamua haki ya mama kwa kigezo cha kama duka lilidanganywa kwa simu au kwenye kiti cha ofisini ni jambo gumu kulitetea. Mama hakujua wala asingeweza kujua lipi lilitokea. Mwaka 2003, katika Shogun Finance dhidi ya Hudson, majaji wawili kati ya watano wa Bunge la Malodi, Lord Nicholls na Lord Millett, walitaka tofauti hiyo ifutwe na mkataba uwe wa kutanguliwa katika hali zote mbili. Watatu waliibakisha. Mapema zaidi, katika Ingram dhidi ya Little ya 1960, Jaji Devlin alipendekeza hasara igawanywe kati ya wasio na hatia kadiri ya uzembe wa kila mmoja, lakini mahakama haina mamlaka hayo bila sheria kutungwa. Usuluhishi unayo, kwa ridhaa ya pande. Bei ya 4,300,000 kwa awamu tano, kwa injini ambayo kisheria duka lingeweza kuichukua na kumwacha mama bila kitu, ilikuwa mgawanyo wa aina hiyo.

Injini mbili zilizosalia bado zinatafutwa kwa namba zake. Zikionekana kwa mnunuzi mwingine, jibu litakuwa lilelile la zile za mama, hata kama mnunuzi huyo naye alilipa bei kamili.